Kauli ya "mimi" katika ugomvi wa wapenzi

Kauli ya "mimi" ni namna ya kumweleza mwenzi wako kwamba umeumia kwa kutaja kilichotokea na hali ya moyo wako, bila kumhukumu yeye wala tabia yake. Kinyume chake ni kauli ya "wewe", ambayo humwonyesha mwenzi kidole: umenidharau, hunijali, una kiburi. Istilahi hizi zilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Gordon (1918–2002), mwanafunzi wa Carl Rogers. Mwaka 1962 alianzisha mafunzo ya wazazi mjini Pasadena, California, na mwaka 1970 akayachapisha katika kitabu. Alikuwa akiwafundisha wazazi namna ya kuzungumza na watoto, lakini washauri wa ndoa nao waliichukua mbinu hiyo, na leo hutajwa sana katika ushauri wa ndoa.

Gordon aliigawa kauli hiyo katika sehemu tatu: kitendo chenyewe kikitajwa bila kukemewa, hisia ya msemaji, na jinsi kitendo hicho kilivyomgusa katika maisha yake. Marshall Rosenberg (1934–2015), aliyeasisi mawasiliano yasiyo ya vurugu, aliongeza hitaji lililo nyuma ya hisia na ombi lililo wazi. Tofauti kati yao si kubwa. Wote wawili walikuwa wakitenganisha mambo mawili ambayo hasira huyafunga fundo moja, yaani lililotendeka na maana tuliyoipa sisi.

Kiswahili kina namna yake katika jambo hili, na anayetafsiri tu mbinu iliyobuniwa kwa Kiingereza hujikuta amekosea. Tuchukue neno moja: *umeniumiza*. Ndani yake mna *u-*, yaani wewe mtenda. *-Ni-*, yaani mimi mtendwa. Na kiambishi cha kusababisha kilichogeuza *umia* kuwa *umiza*. Ni shitaka kamili, lenye mshitakiwa na mlalamikaji, ndani ya neno moja. Mwenzi akilisikia, jibu la kwanza linalomjia ni kujitetea: "Nimekuumiza nini?" Sasa tazama *nimeumia*. Mtenda ameondoka, kilichobaki ni hali. Lugha yetu ina jozi nyingi za namna hiyo: *umenihuzunisha* na *nimehuzunika*, *umenichosha* na *nimechoka*, *umenivunja moyo* na *nimevunjika moyo*. Anayetaka kusema uchungu wake bila kulaumu mara nyingi hahitaji sentensi mpya, anahitaji kitenzi kilekile kikiwa kimeondolewa mtenda.

Ipo njia nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo laini kuliko zote: "Imeniuma kusikia habari ile kwa mtu mwingine." Hapa *i-* inabeba jambo, si mtu. Kinachouma ni habari yenyewe, na mwenzi anaweza kusimama upande wako mkaitazama pamoja. Kisarufi nafsi ya kwanza iko katikati ya neno tu, lakini kazi ya kauli ya "mimi" inafanyika barabara. Kinyume chake, kuanza sentensi kwa neno *mimi* kama wanaoanza kujifunza mbinu hii wanavyodhani ni lazima, huweza kuharibu. Kwa kuwa kitenzi kimeshabeba *ni-*, neno *mimi* likitangulia huleta mkazo wa kupambanisha, kama vile mtu anasema: mimi niko hivi, na wewe je? Katika ugomvi, mkazo huo husikika kama changamoto.

Kosa linalotokea zaidi ni lawama iliyovaa nguo za hisia. "Nahisi hunipendi" huanza na hisia, lakini kinachofuata ni hukumu juu ya moyo wa mwingine. "Naona wewe unajali marafiki zako tu" ni vilevile. Lililojificha zaidi ni kauli ya kutendwa: *nimedharauliwa*, *nimepuuzwa*, *nimetelekezwa*, *nimesalitiwa*. Zote zinaanza na *ni-*, na msemaji huweza kuapa kwamba amejieleza yeye tu. Kipimo chake ni rahisi: ongeza "na nani?" mwishoni. *Nimepuuzwa na nani?* Swali linakaa vizuri, na jibu ni wewe, kwa hiyo hiyo ni lawama. *Nimehuzunika na nani?* Swali halikai, hapo kuna hisia. Rosenberg aliwaonya wanafunzi wake juu ya maneno ya namna hii, na Kiswahili kinatupa alama ya kuyatambua, yaani *-wa* ya mwisho. Anayegundua kuwa amesema *nimepuuzwa* ajiulize: nilipodhani napuuzwa, moyoni kulikuwa na nini? Upweke? Aibu? Woga kwamba anachoka nami? Hilo ndilo neno la kumpelekea mwenzi.

Hasira nayo inahitaji uangalifu. Gordon aliona kwamba mara nyingi ni hisia ya pili. Mzazi aliyepotelewa na mtoto dukani kwanza anaogopa, akimpata, anamgombeza. Mtoto anasikia ukali, woga haumfikii kabisa. Kwa wapenzi huwa vivyo hivyo. "Nimekasirika" ni kauli ya kweli, lakini ikisimama peke yake mwenzi huisikia kama fimbo. Ikitanguliwa na kilichokuja kabla yake, kama hofu au fedheha, inapata mahali pa kupokelewa.

Mfano ufuatao ni wa kutunga, lakini hauko mbali na yanayotokea majumbani. Mume na mke wameweka shilingi 150,000 kwa ajili ya ada ya chekechea. Mume anampa mdogo wake fedha hizo bila kusema. Siku mbili baadaye mke yuko bombani, wifi yake anamshukuru mbele za watu kwa msaada ambao yeye hana habari nao. Anarudi na ndoo kichwani na maneno mdomoni: "Wewe umenidharau! Kila siku ndugu zako kwanza, sisi takataka." Mume anajibu, "Kwa hiyo mdogo wangu afe na mimi niko hai?" Ugomvi umeshahama. Sasa wanabishana kama mtu anapaswa kumsaidia ndugu yake, jambo ambalo mke hakulikataa. Yaliyouhamisha ni maneno mawili. *Umenidharau* limesoma nia ya mume, na yeye anajua hakuwa na nia hiyo. *Kila siku* limempa nafasi ya kutafuta siku moja tu ambayo haikuwa hivyo, naye ataipata.

Tuchukue jioni ileile, mtoto akiwa amelala. "Baba Neema, leo bombani wifi kanishukuru kwa ile laki na nusu ya ada aliyopewa shemeji. Niliona aibu, maana nilikuwa sijui. Halafu nikaingiwa na hofu, shule zinafunguliwa Jumatatu. Naomba fedha ya ada ikitaka kuguswa, tuambiane kwanza." Kitendo kimetajwa kwa kiasi chake na mahali alipokisikia, vitu ambavyo mume hawezi kubishia. Hisia ziko mbili na kila moja ina sababu yake: aibu ni ya bombani, hofu ni ya Jumatatu. Ombi ni dogo, linaweza kutimizwa, na halimtaki awe mtu mwingine. Hapana *siku zote* wala *hata siku moja*. Udugu wa mtu haukuguswa.

Hata hivyo mume huenda akajitetea, na wengi huiacha mbinu hapa wakisema haifanyi kazi. "Mama Neema, ningekuambia ungekataa." Gordon alifundisha kwamba wakati huu msemaji anabadili gia: anaacha kusema, anasikiliza. Mke akirudia kauli yake kwa sauti ya juu, imegeuka shambulio. Akisema, "Uliogopa nikijua nitakataa," mume ana nafasi ya kueleza: mdogo wake alikuwa anatolewa vitu nje na mwenye nyumba, na yeye aliona vibaya kuombea ruhusa jambo la ndugu yake. Baada ya hapo mke anarudi kwenye lake kwa utulivu: "Nimekuelewa. Mimi iliniuma kuyasikia bombani." Mara hii neno *mimi* limefaa, kwa kuwa linakuja baada ya kukiri ya mwenzake. Utafiti wa Shane Rogers na wenzake wa Australia, uliochapishwa mwaka 2018, unakubaliana na mwendo huu. Kauli zilizotaja mtazamo wa pande zote mbili kwa lugha ya "mimi" ndizo wasomaji walizoona zina uwezekano mdogo zaidi wa kumfanya mtu ajihami. Ifahamike tu kwamba washiriki walipima kauli zilizoandikwa. Hawakuwa wanandoa katikati ya ugomvi wao.

Mwanzo wa mazungumzo una uzito wa pekee. Sybil Carrère na John Gottman, katika utafiti wa mwaka 1999 juu ya jozi 124 za maharusi nchini Marekani, walionyesha kwamba dakika tatu za kwanza za majadiliano ya dakika 15 kuhusu jambo lenye mgogoro zilitosha kubashiri ndoa zipi zingevunjika. Ndiyo maana kungoja mtoto alale na ndoo itulie si woga. Mtu ambaye moyo unamwenda mbio hachagui vitenzi.

Pwani kumekuwa na njia nyingine ya kusema uchungu bila kumtaja mtu, nayo ni fumbo: kanga yenye jina la kuchoma iliyovaliwa siku maalumu, au kijembe kinachorushwa hewani. Fumbo humwokoa msemaji na makabiliano, na lina uzuri wake. Lakini linaficha hisia na kuacha mwiba tu, na anayelengwa anaweza kujifanya hakusoma. Kununa ni hivyohivyo. Mwenzi anajua kuna kosa, hajui lipi, naye hujaza nafasi hiyo kwa dhana zake. Kauli ya "mimi" huwa ngumu zaidi kwa aliyezoea njia hizi, kwa sababu inamtaka aonyeshe kidonda chenyewe.

Mbinu hii ina mipaka, na kuivuka ni hatari. Ni ya watu wawili ambao kila mmoja anaguswa na maumivu ya mwenzake. Palipo na kipigo, vitisho au kunyimwa fedha ili mtu atawaliwe, kumweleza mtesaji hofu yako ni kumpa ramani ya mahali pa kupiga. Hapo *nimepigwa* na *nimenyanyaswa* ni maneno sahihi, pamoja na *-wa* yake na jina la mtenda, na wa kuambiwa ni ndugu wa kuaminika, mhudumu wa afya au dawati la jinsia la polisi. Halikadhalika uongo, wizi na usaliti haviyeyuki kwa kuitwa huzuni ya aliyetendewa. Kitendo hutajwa kwa jina lake, kisha hisia hufuata. Tena hisia si hati ya kumiliki mtu. "Naumia ukienda kuwaona dada zako" ina umbo kamili la kauli ya "mimi", lakini ikirudiwa mpaka mwenzi aache kwenda, imekuwa kamba. Hutambulika kwa ombi lake: la mwenye kuumia hubaki ombi hata likikataliwa, na mazungumzo huendelea, la mwenye kutawala, likikataliwa, hufuatwa na adhabu.