Tulipoingia Somalia 2011: sheria ilisemaje?

1/ Hapa Litein, tukingoja lori la majani chai, utasikia: "Tulivamiwa, tukajitetea, kwisha." Pole pole, jamaa.

2/ Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kuivamia nyingine. Kifungu cha 51 kinaruhusu kujitetea ukishambuliwa kwa silaha, ila hakisemi kama mshambuliaji lazima awe serikali. Hapo ndipo ubishi ulipo.

3/ Oktoba 2011, baada ya utekaji nyara Lamu na Dadaab, Kenya ilitaja kifungu hicho ikawafuata Al-Shabaab. Lakini ardhi ni ya Somalia, na serikali yake haikuwa imetushambulia.

4/ Mwisho wa mwezi, Mogadishu iliunga mkono operesheni kwa tamko la pamoja. Kwangu, hiyo idhini ilikuwa na uzito kuliko kifungu cha 51.

5/ Kwa hivyo mtu akisema "tuwafuate huko huko", muulize: mwenye ardhi amekubali?