Hakimiliki ya picha darasani

Mchoraji Mtanzania George Lilanga alifariki mwaka 2005. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara inalinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo michoro ya Lilanga inalindwa angalau hadi mwisho wa 2055. Aliyenunua turubai amenunua turubai tu. Haki ya kunakili kwa kawaida hubaki kwa warithi wa msanii.

Hata hivyo, mwanafunzi anayeandika insha kuhusu mashetani waliomo kwenye michoro ya Lilanga anaruhusiwa kuweka picha anayoichambua, mradi ataje msanii na chanzo, na atumie kiasi kinachohitajika kwa hoja yake. Ikiwa anajadili mikono na masikio ya viumbe hao, mchoro mmoja au sehemu yake iliyokuzwa inatosha. Ndivyo ilivyo pia kwa slaidi anazoonyesha darasani.

Mchoro uleule ukiwekwa kwenye jalada kama pambo, bila kujadiliwa, ruhusa hiyo inadhoofika sana. Slaidi zikipakiwa mtandaoni kwa umma au kuuzwa, ni busara kuomba idhini kwanza. Na aliyepiga picha ya mchoro huo huenda naye ana haki yake, kwa hiyo atajwe.