Kidonda cha kisukari: Picha na rula zinavyomsaidia daktari

Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu huonana na daktari mara chache, ilhali kidonda hubadilika kila siku. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa picha zinazopigwa mara moja kwa juma, rula ikiwa kando ya kidonda, mradi mgonjwa awe ameshachunguzwa na kuanza matibabu. Picha hizo hazichukui nafasi ya uchunguzi wa kwanza.

Sababu ya kupima ni hii: kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kikipungua kwa takribani nusu ya eneo lake ndani ya majuma manne, kuna matumaini makubwa kwamba kitafunga. Kisipofikia hapo, daktari huyatazama upya matibabu. Macho pekee hayawezi kuamua jambo hilo, kwa kuwa anayekitazama kidonda kila siku husahau kilivyokuwa mwezi uliopita.

Namna ya kupiga picha

Kidonda husafishwa na kukaushwa taratibu kwa kitambaa safi, na picha hupigwa kabla ya kupaka dawa, kwani dawa huficha kingo. Mguu ulazwe vilevile kila juma, maana ngozi ikivutika kidonda hubadilika umbo. Mwanga wa dirishani unafaa zaidi kuliko taa ya simu, ambayo hung'aa juu ya unyevu na kufuta rangi. Kidonda kikiwa chini ya unyayo, mtu mwingine ashike simu.

Picha ya kwanza ioneshe mguu mzima, ili daktari ajue mahali palipo na kidonda. Ya pili ipigwe kwa karibu, kidonda kikiwa katikati na simu ikikitazama moja kwa moja bila kuinama upande. Tarehe iandikwe kwenye karatasi nyeupe na kuwekwa kando, na karatasi hiyo itamsaidia daktari pia kuzilinganisha rangi. Rula iwe imeoshwa, na isikiguse kidonda.

Kosa la rula iliyoinuliwa

Kosa lisiloonekana kwa urahisi ni kushika rula juu ya ngozi badala ya kuilaza kwenye usawa uleule. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Simu ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kidonda, na rula ikiwa imeinuliwa sentimita 2, alama za rula hutanuka, na kidonda husomeka kidogo kwa asilimia 10 kuliko kilivyo. Dawa yake ni kuilaza rula, na kuirudisha simu nyuma hadi sentimita 40 hivi.

Tuchukue mfano. Siku ya kwanza kidonda kina urefu wa milimita 40, na upana, unaopimwa kwa kuukata urefu huo kama msalaba, ni milimita 30. Zikizidishwa, tunapata milimita za mraba 1,200. Hesabu hii huzidisha eneo halisi, kwa kuwa kidonda hakina pembe nne, lakini ikirudiwa kwa njia ileile hufaa kwa kulinganisha. Juma la pili ni 36 kwa 27, yaani 972. Juma la tatu ni 34 kwa 25, yaani 850. Juma la nne ni 33 kwa 25, yaani 825.

Kidonda kimepungua, lakini kwa asilimia 31 tu, na katika juma la mwisho karibu kimesimama. Hapo daktari atachunguza iwapo mguu bado unakanyagiwa, iwapo damu inafika vizuri, na iwapo kuna maambukizi hadi kwenye mfupa. Lakini lau rula ingeinuliwa siku hiyo ya mwisho, vipimo vingesomeka kama 30 kwa 22.5, yaani 675. Punguzo lingeonekana kuwa asilimia 44, karibu na nusu inayotakiwa, na uchunguzi huo ungeweza kucheleweshwa.

Yasiyoonekana kwenye picha

Picha haioneshi kina, harufu, joto wala ganzi. Kwa hiyo mgonjwa aandike pia maumivu, usaha na harufu ya juma hilo. Picha zikitumwa kwa WhatsApp, zitumwe kama faili, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora.

Zipo dalili zisizongoja picha ya juma linalofuata: homa, wekundu au uvimbe unaoenea, ngozi kuwa nyeusi, harufu mbaya iliyozuka ghafla, au mguu kuwa baridi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kufichika, hivyo joto na uvimbe ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Mgonjwa mwenye dalili hizo aende hospitali siku hiyohiyo.