Tangulia Wewe, Bwana

Wakati nachora katuni za gazeti la ukutani, mhusika wangu alikuwa bahili. Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya sita jamaa mmoja akaniambia eti mwisho keshaujua kabla hajasoma. Nilinuna kweli kweli. Kumbe kosa halikuwa hilo, na mtu aliyenionyesha ni mchoraji aliyekufa zamani.

Huyo ni Frederick Opper, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1857. Mwaka 1899 aliingia katika magazeti ya Hearst kule New York, na 1901 akawaleta Alphonse na Gaston, Wafaransa wawili wenye adabu iliyopita kiasi. Kila toleo ni hayo hayo: hakuna anayekubali kumtangulia mwenzake.

Tujaribu kuunda mkasa mmoja wa namna yake. Nyumba inaungua, mlango ni mmoja. Alphonse anavua kofia, anainama, anamwomba Gaston atoke kwanza. Gaston naye anainama zaidi, anakataa. Moshi unajaa, mashati yanashika moto, wao wanaombana radhi tu. Angalia vizuri: moto haukuwaumiza kwa bahati mbaya. Adabu yao ndiyo iliyowafungia ndani. Bahili wangu mimi alikuwa anateleza kwenye ganda la ndizi! Ubahili na ganda la ndizi wapi na wapi?

Lakini nao hawakudumu sana. Baada ya miaka michache hawakuwa tena na nafasi yao ya kila wiki, wakabaki wakijitokeza kama wageni katika katuni nyingine za Opper. Mimi naona sababu ni kwamba tabia yao inawasimamisha. Watu wawili mlangoni, unabadilisha mlango tu. Tena nusu ya kicheko ilikuwa kuwasanifu Wafaransa, na kicheko cha namna hiyo huchakaa haraka.

Happy Hooligan, aliyeanza 1900, ndiye aliyekwenda hadi 1932. Huyu ni kapuku mwenye kofia ya kopo, na tabia yake ni wema. Akiona mtu ana shida, anakimbilia kusaidia, mambo yanaharibika, na mara nyingi polisi anamkamata yeye. Mwisho unaujua, sawa, ila wema unamtoa nje. Leo anakutana na mama mwenye mizigo, kesho na tajiri aliyedondosha kofia. Kila mtu mpya anamletea balaa jipya, na yeye haachi.

Cha ajabu, wale wawili wa mlangoni ndio waliobaki midomoni mwa watu. Hadi leo katika besiboli Marekani, wachezaji wawili wakiachiana mpira mpaka ukaanguka chini, mashabiki huwaita Alphonse na Gaston, na wengi wao hawajawahi kuiona katuni yenyewe.

Bahili wangu nimemrudisha. Safari hii nimempeleka harusini, na amekabidhiwa mfuko wa michango.