Safu ya Lugha: Uwiano au Asilimia?

Picha ya mfuko wa DAP inapotumwa kwenye kundi la wakulima, hakosekani wa kuandika chini yake: "uwiano ni 18-46-0". Huo si uwiano. Uwiano hulinganisha tu, kama 1:1:1, wala haukuambii kilichomo ni kingi kiasi gani. 17-17-17 na 15-15-15 zina uwiano mmoja lakini nguvu tofauti. Nambari za mfukoni ni asilimia za uzito, kwa mpangilio usiobadilika: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Basi mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni, kilo 23 za fosforasi, na potasiamu hakuna. (Hizo 23 huhesabiwa kama oksidi, P₂O₅; fosforasi yenyewe ni kilo 10 hivi.)

"Kiwango" nacho wanakibebesha mengi. Asilimia ni ya mfukoni. Kiwango ni kiasi kinachokwenda shambani. Lebo ikisema 100 kg/ha, usimwage mifuko miwili kwenye ekari: hekta ni takriban ekari 2.5, kwa hiyo ekari inataka kilo 40. Na kama picha imekata hiyo "ha", omba nyingine kabla ya kufungua mfuko.