Kadi ikikataliwa kwa "DO NOT HONOUR": maana yake na hatua za kuchukua

Umefika dukani, una pesa katika akaunti, lakini mashine ya kulipia inaandika DO NOT HONOUR au nambari 05. Maana yake ni kwamba benki iliyokupa kadi imekataa malipo hayo bila kumwambia mwenye duka sababu. Yeye haoni zaidi ya unachoona wewe, kwa hiyo hawezi kukufungulia kadi.

Matatizo mengine yana nambari zake: 51 ni salio halitoshi, 54 ni kadi iliyokwisha muda, 55 ni nambari ya siri isiyo sahihi. Nambari 05 ni jibu la jumla. Benki inaweza kuitoa kwa sababu imeshuku wizi, au akaunti imezuiwa. Baadhi ya benki huitoa hata salio likiwa dogo.

Ufanye nini?

Kwanza, usirudie kuingiza kadi mara nyingi. Majaribio ya kufuatana yanaweza kuifanya benki ishuku wizi na kuifunga kadi kabisa. Omba risiti ya kukataliwa, au andika saa, kiasi na jina la duka. Kisha angalia salio.

Salio likitosha, piga simu kwa nambari iliyo nyuma ya kadi. Uliza hivi: "Kilichozuiwa ni kadi au ni akaunti? Kwa sababu gani? Mnahitaji nini ili mfungue?"

Jibu la swali la kwanza ndilo linaloamua safari yako. Tuseme una shilingi 9,000 na unanunua unga na mafuta ya shilingi 3,200. Benki inakuambia akaunti imezuiwa kwa sababu kitambulisho cha mkimbizi kilicho kwenye faili lao kimekwisha muda. Hapo kuomba kadi mpya hakusaidii, kwani nayo itakataliwa. Peleka kitambulisho kipya kwenye tawi. Kama bado unakisubiri, uliza kabla ya kulipa nauli kama watapokea karatasi ya kusubiria. Lakini kama kilichozuiwa ni kadi tu kwa kushuku wizi, mara nyingi benki huifungua kwa simu baada ya kuthibitisha kwamba ni wewe uliyekuwa unalipa.

Ukipata ujumbe kwamba pesa zimekatwa ingawa malipo yamekataliwa, iambie benki katika simu hiyo hiyo na utunze risiti.

Kama kadi ni ya msaada wa fedha kutoka shirika, anza na dawati la msaada la shirika hilo, kwa sababu huenda akaunti haiko kwa jina lako.

Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anatoka benki na anataka kukufungulia kadi. Benki haihitaji nambari hiyo ili kuondoa kizuizi.