Matazamio yameisha, mteja haachii fedha za zuio? Anza na karatasi hii

Mkandarasi halipwi zote siku jengo linapokamilika. Kwenye kila cheti cha malipo mteja hukata kidogo na kukishikilia, ili ukuta ukipasuka au bomba likivuja awe na kitu cha kumrudisha fundi saiti. Hizo ndizo fedha za zuio, wengi wanaziita ritensheni. Kwa kawaida nusu hutoka jengo likipokelewa. Nusu ya pili ndiyo yenye maneno.

Wengi hudhani kipindi cha matazamio kikiisha, hela inatoka yenyewe. Hapana. Kwenye mikataba ya kawaida ya ujenzi wa serikali hapa Tanzania, na mingi ya watu binafsi inayofuata mtindo huo, masharti ni mawili: muda uishe, na msimamizi wa mradi athibitishe kwa maandishi kuwa kasoro zote zilizoripotiwa kabla ya muda kuisha zimerekebishwa. Bila karatasi hiyo ya pili, mhasibu hana cha kulipia.

Chukua mfano wa mkandarasi mdogo wa Dodoma aliyejenga jengo la maduka kwa shilingi milioni 240. Mkataba unasema kila cheti kikatwe asilimia 10, mpaka makato yafike asilimia 5 ya thamani ya mkataba, yaani milioni 12. Jengo lilipokelewa Machi 10, 2024, akalipwa milioni 6. Matazamio ni siku 365, kwa hiyo yanaisha Machi 10, 2025.

Kosa la kwanza ni kusubiri hiyo Machi 10. Mwandikie msimamizi mwezi mmoja kabla, omba mkague jengo pamoja. Mkitembea, kila kasoro iandikwe: chumba gani, tatizo gani, na lini itarekebishwa. Kisha wote watatu msaini. Orodha hiyo ndiyo inayofunga mlango wa "halafu kuna na kile kingine". Piga picha kabla na baada ya kurekebisha, za simu zinatosha.

Tuseme wamekuta plasta imepasuka sehemu mbili, mlango mmoja haufungi, na choo cha juu kinavuja. Vyote virekebishwe, msimamizi aitwe tena, na aombwe hati ya kurekebisha kasoro siku hiyo hiyo. Ukiacha choo, hata kimoja tu, mikataba mingi inaruhusu muda wa matazamio uendelee kuhesabiwa mpaka kitengenezwe.

Hati ikitoka, ndipo barua ya kudai inaandikwa. Iwe fupi:

"Kuhusu mkataba wa ujenzi wa jengo la maduka: kipindi cha matazamio kiliisha Machi 10, 2025 na hati ya kurekebisha kasoro imetolewa (nakala imeambatishwa). Zuio lote lilikuwa Sh12,000,000. Tulilipwa Sh6,000,000 jengo lilipopokelewa. Tunaomba tulipwe Sh6,000,000 zilizobaki, ndani ya siku zilizotajwa kwenye kifungu cha malipo."

Taja namba ya kifungu, ambatisha ankara na jedwali la makato ya kila cheti. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa Wasap ni wa kukumbushia tu. Na hakikisha hesabu: ukidai milioni 12 nzima wakati nusu ulishalipwa, barua itarudi na utapoteza wiki kadhaa.

Sasa visingizio. Mteja akileta kasoro mpya baada ya tarehe, muulize iliripotiwa lini kwa maandishi. Kitasa kilichovunjwa na mpangaji ni matumizi mabaya, siyo kasoro ya ujenzi. Lakini kama kweli kuna kitu kilikuwa kwenye orodha na hamjakubaliana, pendekeza gharama yake ikatwe na salio lilipwe. Bomba la laki tatu haliwezi kuwa sababu nzuri ya kushikilia milioni 6.

Kigumu zaidi ni pale msimamizi mshauri ameshaondoka kwa sababu mkataba wake uliisha. Hapo mwandikie mteja moja kwa moja, mtake ateue mtu wa kukagua na kusaini. Na akikwambia "bajeti ya mwaka huu imekwisha", kumbuka hizo fedha ulishazifanyia kazi na zilikatwa kwenye vyeti vyako. Muulize ziliwekwa akaunti gani.

Siku za malipo zikipita, angalia kama mkataba wako una riba ya ucheleweshaji, itaje kwenye barua ya pili. Baada ya hapo fuata kifungu cha migogoro: kwa kawaida ni mwamuzi kwanza, kisha usuluhishi. Kisheria dai la mkataba nchini lina ukomo wa miaka 6, ila usiutumie kama ruhusa ya kukaa kimya. Mafundi huhama, picha hufutika, na mteja anaweza kuuza jengo.